Sanitaiza inachoma, lakini aliyepasua mikono ni sabuni

"Daktari, mimi ni nesi wadi ya wazazi, huu mwaka wa tatu. Mikono imekauka mpaka inapasuka kwenye vifundo na pachipachi za vidole, nikikunja ngumi inatoa damu. Sanitaiza ikigusa naona nyota, kwa hiyo nimeiacha, nanawa kwa sabuni tu, kwa zamu moja hata mara thelathini. Asubuhi kabla ya kazi napaka mafuta ya mgando lakini glavu zinachanika ovyo. Mdogo wangu anapika mgahawani na mama anafanya usafi maofisini, nao mikono yao ni hivyohivyo. Ni ugonjwa wa kurithi? Tufanye nini?"

Sista, pole sana. Nitaanza na jambo ambalo huenda likakukera: itabidi urudi kwenye sanitaiza. Si leo, maana leo ngozi iko wazi na itakuchoma kama pilipili kwenye kidonda. Lakini mipasuko ikishafunga, sanitaiza ndiyo itakayokuokoa, na hiyo sabuni unayoikimbilia ndiyo iliyokufikisha hapa. Najua unavyohisi ni kinyume kabisa. Wauguzi wengi wanaokuja kliniki wakiwa na mikono kama yako wameshaamua kwamba spiriti ndiyo mbaya, kwa sababu ndiyo inayouma. Kuuma na kuharibu ni vitu viwili tofauti. Spiriti inagusa mishipa ya fahamu iliyoachwa wazi na mpasuko, unapiga kelele, unailaumu. Sabuni haikuumizi hata kidogo wakati inafanya kazi yake ya uharibifu.

Ngozi ya juu kabisa, ile iliyokufa tunayoiona kwa macho, imejengwa kama ukuta. Seli zilizokauka ni matofali, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayoshika matofali hayo kama udongo wa kujengea. Hayo mafuta ndiyo yanayozuia maji ya mwilini yasitoke na uchafu wa nje usiingie. Sasa sabuni kazi yake ni moja, kung'oa mafuta. Haina akili ya kubagua mafuta ya samaki yaliyoganda kwenye sufuria na mafuta yanayoshikilia ukuta wako. Kila ukinawa inaondoka nayo kidogo, na nyingine inabaki imenasa kwenye ngozi hata baada ya kusuuza. Tena sabuni ya mche ina ukali wa magadi, wakati ngozi kwa asili yake ina uchachu kidogo. Baada ya kunawa, ngozi inahitaji saa kadhaa kurudisha uchachu wake na kuziba mapengo. Ukinawa kila baada ya dakika ishirini, hizo saa inazipata wapi?

Maji nayo yana mchango wake. Ngozi ikilowa inavimba, ikikauka inasinyaa. Umewahi kuona udongo mweusi wa mbuga mvua zinapokatika, unavyopasuka vipande vipande? Kiganja kinacholowa na kukauka mara thelathini kwa siku kinafanya hivyohivyo, na mpasuko unaanzia pale ngozi inapokunjwa sana, yaani kwenye vifundo, na pale sabuni inapojificha, yaani kwenye pachipachi na chini ya pete. Kama unavaa pete kazini, ivue uangalie. Mara nyingi ugonjwa huu unaanza na duara jekundu chini ya pete, miezi kadhaa kabla ya mkono mzima.

Sanitaiza nzuri inafanya kazi kwa njia nyingine. Spiriti inaua vijidudu kisha inaruka hewani. Mafuta ya ukuta inayalegeza kidogo lakini huyasuuzi kwenye bomba, yanabaki palepale, na ngozi hailowi. Neno "nzuri" hapo nimelitumia kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa usafi wa mikono mwaka 2009, na ndani yake kuna kanuni ya kutengenezea sanitaiza hospitalini. Katika kila lita 10, mililita 145 ni gliserini. Gliserini hiyo haiui kijidudu chochote, imewekwa kwa ajili ya ngozi yako tu. Kama hospitali yenu inajichanganyia yenyewe, muulize mfamasia kwa upole kama gliserini inawekwa kipimo kamili, maana ikikosekana au ikipunguzwa kubana matumizi, mnapakwa spiriti tupu. Na spiriti tupu kweli inakausha. Wala usijaribu kuichanganya mwenyewe nyumbani.

Mwongozo huohuo unasema wazi kwamba sabuni na maji ni kwa mikono inayoonekana kuchafuka, iliyoguswa na damu au majimaji ya mwili, baada ya choo, na pale mgonjwa anapokuwa na maradhi ya kuharisha ambayo spiriti haiyawezi vizuri. Kwingine kote ni sanitaiza, sekunde 20 hadi 30 mpaka mkono ukauke wenyewe. Siku moja nilimwomba nesi mmoja wa wadi nyingine ahesabu zamu yake kwa kuweka alama kwenye karatasi mfukoni. Alinawa mara 34. Tulipokaa na kupitia alama moja moja, mara ambazo mkono ulikuwa umechafuka kweli au alitoka chooni zilikuwa 9. Zile 25 alikuwa amepima presha, amegusa faili, amebadilisha dripu, amevua glavu safi. Wadi ya wazazi ina damu nyingi, kwa hiyo hesabu yako inaweza kuwa kubwa kuliko yake, lakini nina shaka kama itafika thelathini. Hesabu zamu moja ujionee.

Kuna kosa moja naliona kila mahali: mtu ananawa kwa sabuni, kabla mkono haujakauka anamwagia sanitaiza juu yake, akidhani ameongeza usalama. Maji yanaipunguza nguvu spiriti, na ngozi iliyotoka kuvuliwa mafuta inapigwa mara ya pili. Chagua moja.

Maji ya moto nayo uyaache. Joto la kuua vijidudu mkono wako hauwezi kulivumilia, na joto unaloweza kulivumilia linayeyusha mafuta ya ngozi haraka zaidi. Maji ya bomba ya kawaida yanatosha. Suuza mpaka utelezi uishe, hasa kwenye pachipachi, kisha kausha kwa kugandamiza karatasi au kitambaa safi, usisugue. Ndimu na chumvi "kuua fangasi" ni mateso ya bure, na mtu akipaka ndimu halafu akakaa juani anaweza kubabuka madoa meusi yatakayokaa miezi.

Tuje kwenye mafuta yako ya mgando. Hukukosea dawa, ulikosea saa. Kwa kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, ni vitu vichache sana vinavyoyashinda mafuta ya mgando, na bei yake kila mtu anaimudu. Lakini mafuta ya aina hiyo yanalainisha mpira wa lateksi. Glavu za lateksi zikikaa juu yake zinalegea na kuchanika, na kwa nesi wa wadi ya wazazi glavu iliyotoboka si jambo la mzaha. Kwa hiyo mafuta ya mgando ni ya nyumbani. Kazini tumia losheni ya maji yenye gliserini, isiyo na manukato, iliyo kwenye tyubu au chupa ya kubonyeza. Kopo la pamoja ambalo kila mtu anachovya kidole ni ufugaji wa bakteria. Ukikosa losheni ya namna hiyo, matone matatu ya gliserini ya duka la dawa, ukiyasambaza kwenye mkono ambao bado una unyevunyevu, yanafanya kazi nzuri. Usiipake mkono ukiwa mkavu kabisa, inanata na haifiki popote.

Siku yako ningeipanga hivi. Ukifika kazini pete na saa vinabaki mfukoni. Unapaka losheni unapoanza zamu, kabla ya chai, kabla ya chakula, na unapotoka. Mara nne, basi. Usijiahidi kupaka kila ukinawa, hutaweza, na siku ya tatu utaacha kabisa. Glavu zivae mkono ukiwa mkavu na uzivue kazi ikiisha, maana fukuto la ndani linalowesha ngozi kama maji ya beseni, na kuvaa glavu kutwa nzima "kujikinga" kunazidisha ugonjwa. Kama kuna uchaguzi, chukua zisizo na unga.

Usiku ndipo ngozi inapojengwa. Loweka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, bila sabuni wala chumvi, dakika kama tano mpaka kumi. Gandamiza kwa taulo, usikaushe kabisa. Ndani ya dakika mbili tatu paka mafuta ya mgando, mengi kuliko unavyoona aibu kupaka, ukiyasukumiza kwenye mipasuko na kuzunguka kucha. Kisha vaa glavu za pamba, au soksi safi za pamba kama huna glavu, ulale nazo. Mpasuko mrefu unaochanika kila ukikunja kidole ufunike kwa plasta ili kingo zake zikae pamoja. Waliowahi kutibu magaga ya kisigino wanaijua hii habari. Mafuta ya nazi ni mazuri na yanalainisha, ila ni mepesi, kwa mkono unaotoa damu hayatoshi.

Kama ngozi ni nyekundu, inawasha na ina magamba, losheni na mafuta peke yake hayatazima ule uvimbe. Hapo tumeshaingia kwenye pumu ya ngozi ya mikono, na daktari atakuandikia marhamu ya steroidi ya nguvu inayofaa viganja, kwa kawaida mara moja kwa siku kwa wiki mbili hivi, kisha unapunguza. Kipimo ni rahisi: dawa inayotoka kwenye tyubu kwa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada inatosha eneo la viganja viwili. Steroidi ikitumiwa hivyo ni salama. Inayoharibu watu ni ile krimu ya kuchanganywa inayouzwa bila lebo, na ile ya tyubu yenye dawa tatu ndani yake, ya kuzuia uvimbe, ya fangasi na ya bakteria, ambayo duka la dawa linakupa kwa kila muwasho. Kama ulichonacho ni fangasi, steroidi iliyomo inapoza muwasho huku fangasi wanatambaa, na mimi nikija kukuona sura ya ugonjwa imeshafutika.

Jipe muda. Mipasuko inaweza kufunga ndani ya wiki mbili au tatu, na hapo ndipo wengi wanaporudi kwenye mazoea. Ukuta wa ndani unachukua miezi kukaa sawa hata kama kwa macho mkono umepona. Ule usiku wa mafuta na soksi uendelee kwa miezi mitatu hivi, hata mara tatu kwa wiki. Sanitaiza ianze kurudi pale mpasuko unapokuwa umefunga. Ikichoma kwa sekunde chache kisha ikaacha, endelea. Ikichoma na mkono ukabaki mwekundu kwa saa nzima, bado mapema.

Katika siku hizi za mwanzo, mipasuko ikiwa wazi, kila mmoja uufunike kwa plasta isiyopitisha maji kabla ya kuvaa glavu, na plasta ikilowa ibadilishwe. Mwambie msimamizi wako akupangie kazi zisizo na damu mpaka ifunge. Wauguzi wanaona haya kusema, wanahofia kuonekana wavivu. Mpasuko kwenye kifundo ni mlango ulio wazi kwa virusi vya homa ya ini na Ukimwi. Ikitokea damu ya mgonjwa imeingia kwenye mpasuko, osha hapohapo, toa taarifa, na uanze dawa za kinga mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Na kama hukumaliza chanjo ya homa ya ini B, imalize.

Kwa mdogo wako ushauri wa sanitaiza haufai. Mkono wa mpishi una mafuta na unga, na spiriti haipenyi uchafu wa namna hiyo. Yeye sabuni haimwepuki. Anachoweza kupunguza ni kule kuchovya mikono kwenye maji ya vyombo. Wapishi wengi hawaharibiwi na kunawa, wanaharibiwa na ile sabuni kali ya vyombo ambayo wanainawia pia kwa sababu iko karibu. Awe na sabuni yake ya mikono iliyo laini, na vyombo aoshe kwa glavu ndefu za mpira na brashi ya mpini.

Halafu mwulize swali moja: ni vidole gani hasa? Nilimwona mpishi mmoja wa hoteli aliyekuwa ametibiwa fangasi mwaka mzima. Viganja vyake vilikuwa safi. Kilichopasuka ni ncha za kidole gumba, cha shahada na cha kati, mkono wa kushoto tu. Nikampa kalamu nikamwambia, chukulia hiki ni kisu, nionyeshe unavyokata. Kulia akashika kisu, kushoto akashika kitu kisichokuwepo kwa vidole vilevile vitatu. Ni kitunguu saumu. Alikuwa anamenya ndoo nzima kila asubuhi na mwili wake ulishakikataa. Huo ni mzio, si ukavu wa kawaida, na losheni haiuponyi. Wala glavu nyembamba hazimsaidii, kwani kemikali ya kitunguu saumu inapenya aina nyingi za glavu. Alibadilishana na mwenzake, yeye akachukua kukata nyama, na wiki nne baadaye ncha za vidole zilikuwa zinaota ngozi mpya.

Mpishi mwenye mpasuko unaotoa usaha asiguse chakula kabisa mpaka atibiwe. Bakteria wa usaha ule wanatengeneza sumu ndani ya chakula, na kupasha moto hakuiondoi.

Kuhusu mama, nadhani tatizo ni jiki na beseni. Wafanya usafi wengi wanamimina kwa jicho, na mkono mtupu unaingia kukamua kitambaa. Apewe glavu nene za mpira zinazofika karibu na kiwiko, azikunje ukingoni ili maji yasitiririkie ndani akiinua mikono, na ndani yake avae glavu nyembamba za pamba za kunyonya jasho. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko kutovaa, kwa sababu dawa inaingia na kukaa humo, imefungiwa na ngozi. Aipime kwa kuijaza maji na kuikamua. Jiki haihitajiki kila siku kwenye sakafu ya ofisi. Maji na sabuni kidogo vinatosha. Panapohitajika kweli, kama pamemwagika damu, jiki ya asilimia 3.5 inachanganywa sehemu moja kwa sehemu sita za maji, kwa kikombe, si kwa kukadiria. Na asiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye tindikali, hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu.

Umeuliza kuhusu kurithi. Ukavu wa mkono wenyewe haurithiwi, ila ngozi dhaifu inarithiwa. Kama utotoni mlikuwa na pumu ya kifua au pumu ya ngozi kwenye mikunjo ya viwiko na magoti, basi ukuta wenu tangu mwanzo ulikuwa na udongo haba, na kazi za maji zinauchosha mapema. Kipimo cha nyumbani ni likizo. Mkono ukipona ukiwa likizo na kuharibika siku chache baada ya kurudi, kazi ndiyo chanzo. Usipobadilika hata kidogo, tutafute kingine.

Nenda ukaonwe bila kusubiri kama kuna usaha, ukoko wa njano, joto, uvimbe unaopanda mkono au homa. Kama ukivaa glavu unavimba vipele ndani ya dakika chache, unapiga chafya au kifua kinabana, acha lateksi siku hiyohiyo, kwa sababu mzio wa aina hiyo unaweza kukuziba pumzi. Mkono mmoja tu ukiwa na magamba, hasa kama na miguu inayo, unahitaji kukwanguliwa na kuangaliwa fangasi. Muwasho unaozidi usiku, na watu wa nyumbani nao wanajikuna, huo huenda ni upele wa kuambukiza na mtatibiwa wote kwa pamoja. Na kama umefuata haya kwa wiki tatu na huoni tofauti, usiendelee kujitibu. Hospitali kadhaa za mikoa zina tabibu aliyesomea ngozi pale hospitali ya KCMC Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza kufundisha mwaka 1992, kwa hiyo usifikiri ni lazima usafiri mpaka Dar.

Ukienda, usipake chochote siku hiyo. Beba glavu moja ambayo haijavaliwa, picha ya lebo ya sabuni ya wadini, na kila tyubu uliyowahi kupaka, hata ile unayoona aibu kuitaja.